Barua iliyorudishwa kwa sababu ya neno moja

Katibu wa Afya aliisoma barua yangu akiwa amesimama, miwani imeteremka hadi ncha ya pua. Alipofika mwisho alirudi juu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akauliza bila kuinua macho:

"Mwanangu, hapa unaomba au unataarifu?"

"Naomba, mzee."

"Unaomba nini?"

"Kuacha kazi."

"Na nikikunyima?"

Sikuwa na jibu. Nilitazama dirishani, kwenye mikorosho iliyo nyuma ya ofisi ya utawala, kana kwamba jibu limening'inia huko.

Hakukasirika. Aliikunja barua kwenye mikunjo yake ileile, akanirudishia. "Kaiandike upya. Na uilete kabla rosta ya Oktoba haijatoka."

Sasa niko hosteli, wiki kadhaa zimepita, na swali lake halijaniacha. Kila nikifungua begi kutafuta kitu naikuta ile barua ya kwanza, yenye alama ya jasho la kidole chake.

## Mstari wa kwanza

Nilikuwa nimefanya kazi miaka sita katika hospitali moja ya kanisa, mkoa wetu wa Mtwara, mbali kidogo na bahari. Niliingia na stashahada. Sasa nilikuwa nimepata nafasi ya shahada ya uuguzi, na chuo kilitutaka turipoti Jumatatu, tarehe 4 Novemba 2024.

Mstari wenyewe ulikuwa hivi:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa heshima na taadhima naomba kuacha kazi kuanzia mwezi wa kumi na moja ili nikajiendeleze kielimu, endapo ofisi yako itaona inafaa."

Nilikuwa nimeuona mzuri sana. Kijana wa steshenari aliyeuchapa aliusoma kwa sauti, akasema, "Dada, umeandika kisomi."

Tatizo ni kwamba mstari ule haukuacha kazi. Uliuliza kama kuacha kunawezekana, ukamwachia mtu mwingine uamuzi, kisha ukataja mwezi mzima badala ya siku. Mtu akiupokea anaweza kuuweka kwenye faili akasubiri kikao, na atakuwa hajafanya kosa lolote, maana ndivyo maombi yanavyoshughulikiwa.

Notisi ni kitu kingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ndiyo inayotuhusu sisi wa hospitali za mashirika na watu binafsi, inataka taarifa ya kusitisha ajira iwe ya maandishi, itaje sababu, na itaje tarehe inayotolewa. Haisemi kwamba mfanyakazi asubiri kukubaliwa. Anayeacha kazi anataarifu, na siku zinaanza kuhesabika.

Kinachoombwa ni ruhusa ya masomo. Hapo kweli unaomba: ajira inabaki, nafasi yako inakusubiri au haikusubiri kulingana na jibu, na mwajiri ana haki ya kusema hapana. Mimi sikutaka ruhusa ya masomo. Hospitali yetu ikikupa ruhusa hukufunga kwa mkataba wa kurudi, na nilikuwa nimeshaamua, baada ya miezi ya kujadiliana na mto wangu wa kulalia, kwamba sitajifunga. Lakini barua yangu ilikuwa imevaa nguo za mtu anayeomba ruhusa.

Katibu alinikumbusha habari ya dada mmoja tuliyemfahamu wote wawili, aliyekuwa hospitali nyingine. Naye aliandika "naomba". Akasubiri jibu. Wiki ya kwanza akaambiwa barua iko kwa mkubwa, ya pili mkubwa yuko safarini, ya tatu kikao kimeahirishwa. Aliogopa kuondoka bila jibu asije akaandikwa mtoro. Alifika chuoni wenzake wameshaanza vipindi, na kosa la yule dada, kama ni kosa, lilikuwa adabu.

## Adabu ilikotoka

Nimejiuliza sana neno lile lilitoka wapi, kwa sababu sikulitafuta. Lilikuja lenyewe kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Mimi nimelelewa na bibi. Kwake hukusema "nipe maji" ukaishi kwa amani. Ulisema "naomba maji", hata kama mtungi ulikuwa mkononi mwako na wewe ndiye uliyeyachota. Naomba kupita. Naomba nikae. Hata kuaga shughulini, "naomba niende", halafu unabembelezwa ukae kidogo, unakaa kidogo, unaomba tena. Kuondoka bila kuomba ni dalili ya kukasirika. Sasa nitaandikaje kwa watu walionilea kikazi miaka sita, "naondoka tarehe fulani", kama mpangaji aliyegombana na mwenye nyumba?

Nilijaribu. Jioni ile niliandika rasimu ya pili: "Natoa taarifa kwamba ninaacha kazi." Nikaisoma. Ilinuka ugomvi. Nikaongeza "kwa unyenyekevu mkubwa". Nikafuta. Nikaandika "ninaomba kutoa taarifa", nikacheka peke yangu, maana nilikuwa nimelirudisha neno kupitia dirishani.

Saa mbili kasoro usiku nikavaa sare nikaenda naiti.

## Kitabu cha ripoti

Leba usiku ule tulikuwa wawili na akina mama watano. Kila mwisho wa zamu tunaandika kitabu cha ripoti, na anayeingia anasomewa kitanda kwa kitanda. Niliandika kama ninavyoandika siku zote:

"Kitanda namba 4. Mimba ya tatu. Saa 10 usiku njia imefunguka sentimita 6, mapigo ya moyo wa mtoto 140 kwa dakika, chupa haijapasuka. Apimwe tena saa 2 asubuhi."

Nikasimama na kalamu hewani.

Hakuna "naomba" hapo. Hakuna "endapo zamu ijayo itaona inafaa apimwe". Kuna hali ilivyo, kuna saa, kuna kitakachofuata. Na hakuna muuguzi wa asubuhi aliyewahi kuisoma ripoti hiyo akaona nimemkosea heshima. Heshima yangu kwake iko kwenye ile saa 2. Nisingeiandika, angelazimika kukisia, na kukisia leba kunamgharimu mama.

Tunasema "naomba" siku nzima wodini: naomba mkono nikupime presha, naomba ulalie ubavu wa kushoto. Lakini tunajua lini tuliache. Mama akitoka damu nyingi husemi "naomba mtu alete oksitosini". Unasema "Oksitosini!" na aliye karibu na friji anakimbia.

Kumbe lugha ya barua nilikuwa nayo miaka sita, kwenye kitabu chenye jalada gumu kinachoning'inizwa msumarini. Sikuwa nimefikiri kwamba barua ya kuacha kazi nayo ni ripoti ya kukabidhi zamu, tofauti ikiwa kwamba zamu yenyewe ni ndefu kidogo.

Asubuhi, kabla ya kulala, niliandika rasimu ya tatu. Sehemu ya juu ilichukua dakika kumi. Tarehe ndizo zilizonichukua siku mbili.

## Mwezi mmoja ni siku ngapi?

Wenzangu wote walikuwa wanajua jibu, na kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alisema saa ishirini na nne. Mwingine alisema miezi mitatu, kwa sababu kaka yake yuko serikalini. Wa serikalini wana sheria na taratibu zao za utumishi wa umma, na ukichukua hesabu yao kwenda nayo hospitali ya kanisa unapotea.

Kwetu sheria inaweka kiwango cha chini. Kwa anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza kazini, notisi isipungue siku 28. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, ila muda huo uwe sawa kwa pande zote mbili: mwajiri asikudai miezi miwili huku yeye amejiwekea mmoja. Nikatoa mkataba wangu chini ya kitanda, kwenye bahasha ya vyeti. Ulisema "mwezi mmoja" kwa upande wowote. Kwa hiyo siku 28 hazikunitosha. Mkataba ulikuwa umekwenda mbele ya sheria, na mimi nilikuwa nimeusaini.

Lakini mwezi mmoja unaanzia wapi? Nikikabidhi barua tarehe 24 Septemba, mwezi unaisha tarehe 24 Oktoba, au tunasubiri mwezi kamili wa Oktoba uishe? Mhasibu alisema kwa upande wa mshahara ni rahisi mwezi ukiisha wote. Nikaona sina sababu ya kubishana. Chuo ni tarehe 4 Novemba. Nikichagua Alhamisi, tarehe 31 Oktoba, iwe siku ya mwisho, nitakuwa nimetoa siku 37. Hesabu yoyote atakayoitumia mtu, siku hizo zinatosha, na bado nina siku tatu za kufunga mizigo na kupanda basi la Dar.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Katibu alitaja rosta.

Rosta ya mwezi hutoka kwetu kwenye tarehe 25 ya mwezi unaotangulia. Inchaji wa wodi anapanga nani asubuhi, nani jioni, nani naiti, nani mapumziko. Muuguzi akitoa notisi tarehe 30, kisheria anaweza kuwa sawa kabisa, lakini rosta imeshabandikwa ukutani na jina lake limo. Na akiondoka katikati ya mwezi bila nafasi yake kupangwa, zamu zake zinamwangukia mtu. Oktoba kwetu si mwezi wa kupunguza watu. Korosho zimeanza kuanguka, familia zimehamia shambani kuokota, mama uchungu unamkutia huko, na anafika kwetu amechelewa, nyuma ya pikipiki.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo asiye muuguzi hawezi kulifikiria. Nikiandika kwamba siku ya mwisho ni tarehe 31, naiti ya tarehe 31 ni ya nani? Inaanza jioni ya tarehe 31 na kuisha asubuhi ya tarehe 1, siku ambayo mimi si mfanyakazi tena. Nikichoma sindano saa 9 za usiku ule, naichoma kama nani? Kwa hiyo nikaandika kwenye barua kwamba zamu yangu ya mwisho itakuwa ya asubuhi. Inchaji aliposoma alisema, "Hiyo umeniokoa. Ningekupanga naiti."

## Likizo niliyotaka iwe notisi

Hapa nilitaka kufanya ujanja, acha niseme ukweli.

Nilikuwa na siku 14 za likizo ambazo sijazichukua. Mpango wangu ulikuwa: natoa barua, nafanya kazi kidogo, naingia likizo katikati ya Oktoba, narudi kuaga. Notisi inaendelea kutiririka huku mimi niko nyumbani Mikindani nakula samaki.

Metroni, ambaye barua ilipaswa kupitia kwake, alinisikiliza mpaka mwisho. Metroni wetu ni mtawa, na kwa kuwa wagonjwa wanatuita sisi sote sista, sisi tunamwita Metroni ili tusichanganyikiwe.

"Haiwezekani," alisema. "Notisi haitolewi mtu akiwa likizo, na haiendi sambamba na likizo. Sheria imekataa. Sisi tukikuachisha kazi ukiwa likizo ungetushtaki."

Sikupenda, ila nilielewa. Siku za notisi ni za kutafuta mtu na kumfundisha. Siku za likizo ni zako. Ukizilaza moja juu ya nyingine, mmoja anaibiwa. Alinipa njia mbili: nichukue likizo sasa hivi na notisi ianze nikirudi, jambo ambalo lingenipeleka hadi Novemba, chuo kimeshaanza, au nifanye kazi hadi tarehe 31 na zile siku 14 zilipwe pamoja na mshahara wa mwisho. Nikachagua fedha. Mikindani ikasubiri.

Kuhusu fedha, kuna jingine. Wodini walikuwa wameshanipigia hesabu ya kiinua mgongo: mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mara miaka sita, siku 42. Walikuwa wamenichagulia hadi godoro la kununua. Hesabu ni sahihi, na sheria inaiweka hivyo hadi miaka kumi, lakini ni kwa ajili ya ajira iliyositishwa na mwajiri. Aliyeacha mwenyewe hana. Ni afadhali ulijue hilo kabla ya kuandika barua kuliko kulijua dirishani kwa mhasibu.

## Shukrani zilikatwa mara tatu

Rasimu ya tatu ilikuwa na mistari miwili ya taarifa na mistari kumi na moja ya shukrani.

Metroni alichukua penseli. Alikata "kwa malezi bora yasiyo kifani". Alikata "nimejifunza mengi". Nilipouliza kwa nini, alisema maneno hayo angeweza kuyaandika mtu yeyote wa hospitali yoyote, hata fundi bomba. Kisha akafika kwenye sentensi niliyoipenda kuliko zote: "Nitakuwa tayari kurudi wakati wowote mtakaponihitaji."

"Utarudi?"

"Mungu akipenda."

"Tukikuhitaji tarehe 10 Novemba?"

Akaikata yote.

Ilinichoma. Niliona kama ananinyima nafasi ya kuaga vizuri. Lakini nilipoitazama barua baada ya penseli, niliona kwamba shukrani zangu zilikuwa zinafanya kazi ileile ya "naomba". Zilikuwa zinafidia. Nilikuwa najisikia mkosaji kwa kuondoka, nikawa nalipa kwa ahadi ambazo sina uwezo nazo, na ahadi ile ya mwisho ilikuwa inaifungua tena taarifa niliyokuwa nimeifunga juu. Mtu angeisoma akauliza: sasa anaondoka au anaazimwa?

"Andika kitu kimoja ulichopewa hapa," Metroni akasema. "Kimoja tu, ambacho hukuja nacho."

Sikuhitaji kufikiri. Mwezi wangu wa pili leba, mkunga mmoja mzee, sasa amestaafu, alinikuta nimesimama miguuni mwa mama aliyejifungua dakika kumi zilizopita, naangalia kama damu inatoka. Alinishika mkono akauweka tumboni kwa mama, chini ya kitovu. "Usiingoje damu ikuambie," alisema. "Damu inachelewa. Mji wa mimba unasema mapema." Chini ya kiganja changu ulikuwa laini, kama unga uliokandwa ukawekewa maji mengi. Akaanza kuukanda kwa mwendo wa duara, na taratibu nikausikia unajikaza mpaka ukawa mgumu. Mama yule alipoteza damu, lakini hakufika kwenye ile nusu lita ambayo sisi tunaihesabu kuwa ni hatari. Nimeuweka mkono huo kwa akina mama wengi tangu siku ile, kabla ya kuangalia chochote kingine.

Hilo liliingia kwenye barua. Jina la mkunga halikuingia, alikataa nilipompigia simu kumwomba. Alicheka tu. "We mtoto, barua ya kuacha kazi unatia na tumbo la mzazi?"

## Barua yenyewe

Hii ndiyo iliyopokelewa. Nimeondoa majina na anwani.

> Mganga Mfawidhi,
> K.k. Muuguzi Mkuu wa Hospitali
>
> 24 Septemba 2024
>
> Yah: TAARIFA YA KUACHA KAZI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Ninatoa taarifa kwamba ninaacha kazi yangu ya uuguzi katika wodi ya wazazi. Sababu ni masomo ya shahada ya kwanza ya uuguzi, ambayo natakiwa kuripoti tarehe 4 Novemba 2024.
>
> Mkataba wangu unataka notisi ya mwezi mmoja. Notisi hii inaanza leo, na siku yangu ya mwisho kazini itakuwa Alhamisi, tarehe 31 Oktoba 2024, zamu ya asubuhi. Nitakuwa kazini kwa zamu zote nitakazopangiwa hadi siku hiyo.
>
> Nina siku 14 za likizo ambazo sijazichukua. Naomba zilipwe pamoja na mshahara wa Oktoba, na nipewe cheti cha utumishi. Wiki ya mwisho nitakabidhi funguo za kabati la DDA la dawa zinazodhibitiwa, vifaa vya wodi na nyumba ya hospitali kwa atakayeteuliwa.
>
> Nilifika hapa nikijua kuangalia damu baada ya mama kujifungua. Hapa nimefundishwa kuupapasa kwanza mji wa mimba. Nawashukuru kwa hilo, na akina mama nitakaowahudumia baadaye watalifaidi bila kujua lilitoka wapi.
>
> Wako katika kazi,
> Muuguzi, Wodi ya Wazazi

Mtaona "naomba" imo. Imo mahali pake, kwenye malipo ya likizo na cheti, vitu ambavyo vinatoka mkononi mwa mwingine. Katibu alipofika hapo alitabasamu, akasema hata hivyo vyote viwili ni haki yangu, lakini "hapo omba tu, haidhuru".

Nilipeleka nakala mbili. Ya kwanza ikabaki masjala, ya pili ikagongwa muhuri wa kupokelewa, ikatiwa tarehe na saini, nikaondoka nayo. Hili nalo nilifundishwa, maana barua inayopita kwa mtu inaweza kulala kwa mtu. Ile yangu ya kwanza niliiandika tarehe 17 na Katibu aliiona tarehe 20, siku tatu ilikuwa kwenye trei ya mezani. Ingekuwa ndiyo notisi, tungebishana ilianza siku gani. Tarehe ya juu ni yangu. Ya muhuri ndiyo ambayo hakuna anayeweza kuikana.

## Tarehe 31

Zamu ya mwisho ilikuwa ya kawaida mno. Watoto wawili, wa kike wote. Saa 7 mchana mimi na dada anayenirithi tulifungua kabati la DDA, tukahesabu ampuli za pethidini moja moja dhidi ya rejista, zikalingana, tukasaini wote wawili. Tukahesabu vilivyomo kwenye toroli ya dharura. Mkasi mmoja haukuonekana. Tuliutafuta nusu saa nzima, mimi nikiwa na jasho kama niliyeiba, mpaka mhudumu akasema uko stoo, umepelekwa kunolewa tangu Jumatatu. Tukauandika hivyohivyo: "mkasi 1, uko stoo."

Funguo zilipotoka mkononi mwangu niliendelea kupapasa mfuko wa sare mpaka jioni.

Nilipopita utawala kuchukua cheti cha utumishi, nilikabidhiwa pia bahasha ya kaki. Ni majibu rasmi ya barua yangu, yamechapwa, yana kumbukumbu namba na saini ya Mganga Mfawidhi. Nilisubiri mpaka basi lilipopita Mnazi Mmoja ya Lindi ndipo nikaifungua.

"Ofisi imepokea barua yako ya tarehe 24 Septemba 2024," ilisema. "Napenda kukujulisha kwamba ombi lako la kuacha kazi limekubaliwa."

Nilimpigia Katibu palepale, basi likiwa linarukaruka, nikamsomea. Alikaa kimya kidogo.

"Hiyo ni fomati," akasema. "Wameikuta kwenye kompyuta tangu zamani, wanabadilisha jina tu."

"Lakini mzee, mimi sikuomba."

"Najua. Nakala yako yenye muhuri unayo?"

"Ninayo."

"Haya mwanangu, safari njema. Ukifika utupigie."